Kila Birika Linapopiga Mluzi

Watu hudhani anayekaa mlangoni mwa ukumbi wa video kazi yake ni kupokea kiingilio na kufukuza wanaochungulia. Hiyo ni kazi ya kufuli. Mimi kazi yangu ni kujibu swali moja tu: "Mama Mlango, imefikia wapi?"

Kwetu hakuna anayekuja kwa wakati. Mmoja anamalizia kushona suruali ya mteja, mwingine bomba limempasukia mikononi, mwingine kasahau tu. Wote hufika filamu imeshika kasi, na mimi huwapa hadithi yote kwa pumzi moja: yule mwenye koti ni rafiki wa uongo, mtoto katekwa, mama yake ndiye askari, kaa kule mbele. Mtu akiingia anakuwa sawasawa na aliyewahi. Sijisifu, lakini nimewahi kumweleza mtu filamu ya saa tatu wakati anavua viatu vyenye tope.

Ndani anakuwa mume wangu na maikrofoni yake. Tunamwita Spika, na jina limemkaa. Filamu iwe ya lugha gani, hata ya lugha yetu wenyewe, lazima aisimulie, maana watu huja kusikia yeye. Huitazama kwanza nyumbani, kisha ukumbini anawatangulia watazamaji hatua mbili: "Mwoneni huyo anavyochekacheka. Subirini, atalia kama mtoto." Watu hupiga meza kwa raha. Mashine anaishika kaka yangu, ambaye ana mambo mawili tu duniani, rimoti na njaa. Wateja wanamwita Rimoti, wakimwonea huruma.

Binti yetu ni mhariri wa filamu. Hukaa mbele ya kompyuta akikata na kuunganisha picha za watu wengine: harusi, matangazo ya sabuni, mahafali. Miaka yote hiyo alikuwa akisema siku moja atafanya yake. Basi ameifanya. Alikuja nyumbani siku ya Alhamisi na filamu ndani ya flashi ndogo kama kidole gumba, macho yamemwiva kwa kukosa usingizi, akakaa kitini bila hata kuvua mkoba.

"Baba, Mama, naomba msaada," alisema. "Mtayarishaji anasema filamu haieleweki. Imerukaruka, inajirudia, mtazamaji atatoka katikati. Ametengeneza nakala nyingine, kila kitu kimepangwa kwa mfuatano. Jumatatu tunapeleka moja. Nimemwambia nipe nafasi niionyeshe kwa watu wa kawaida, wasionijua kwa kazi. Wakipotea, tutaenda na yake."

"Na ukienda na yake?" niliuliza.

"Itakuwa na jina langu, Mama, lakini haitakuwa filamu yangu."

Nilimjua huyu toka tumboni. Akisema jambo taratibu hivyo, ujue limemfika kooni.

Tulikaa sebuleni kuitazama, mimi napiga pasi, Spika kavaa miwani ya kazi. Filamu inahusu mwanamke mwoka mikate. Inaanza akiwa na nywele zinazofika masikioni, ndani ya duka lililopakwa rangi ya kijani, anamfundisha msichana kukanda unga. Kwenye kifundo cha mkono ana kovu la kuungua. Mahali fulani birika linapiga mluzi. Anasimama, anautazama mkono wake, anacheka kidogo, anaendelea kukanda. Hujui anacheka nini.

Halafu picha inahama. Mwanamke yuleyule, lakini nywele zimesukwa mkia mrefu mpaka kiunoni, kuta nyeupe, mkononi hana alama yoyote. Birika linapiga mluzi. Mume wake yupo jikoni anafunga kamba za viatu. Anavuta koti, kiwiko kinagonga kabati, sahani ya bluu inaanguka na kuvunjika. Wanacheka. Anatoka. Nje unasikia breki za lori, kishindo, kisha kelele za watu. Picha inakuwa nyeusi. Birika linapiga mluzi. Jikoni lilelile, mume hai, anafunga kamba, sahani ya bluu iko kabatini nzima kabisa.

Toka hapo asubuhi ile inajirudia, na ni yeye pekee anayekumbuka. Katikati ya asubuhi hizo kinaingia kipande cha duka la kijani, kisha tunarudi jikoni, kisha duka tena.

Spika hakumaliza hata robo saa. Akaanza kujaribu sauti yake: "Wapendwa watazamaji, huyu mama mnayemwona ni mjane. Mume wake atagongwa na lori. Hizo nywele fupi ni za baadaye, hizo ndefu ni za zamani, msichanganyikiwe, Spika wenu yupo!"

Binti yetu alibonyeza kusimamisha.

"Baba, umekula nyama yote ukawaachia mfupa."

"Nimewasaidia! Mtu amelipa, unataka aumwe na kichwa?"

"Nataka ajiulize."

"Akijiuliza sana ataniuliza mimi."

"Muulize mama yako," Spika akaniambia mimi, halafu akagundua amekosea, akamgeukia binti. "Muulize mama yako, yeye ndiye anayejua wateja."

Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa upande wa baba yake. Nikasema filamu nzuri mwanangu, lakini mtu akichelewa nitamwambia nini? Mume amekufa, sasa yu hai, sasa amekufa tena? Binti akaweka nakala ya mtayarishaji tuione. Pale kila kitu kilikuwa kimenyooshwa: asubuhi zote mwanzoni, moja baada ya nyingine, kisha msiba, kisha duka la kijani, nywele zikikua taratibu mpaka masikioni. Nilielewa kila kitu. Na nguo zote zikaisha kupigwa pasi, hata soksi, maana macho yangu hayakuwa na haja ya kukaa kwenye skrini. Nilipoona mwanamke yule anacheka birika likipiga mluzi, sikushtuka wala kujiuliza. Nilijua keshafiwa, keshapona, anacheka. Basi.

Hapo nikaanza kuona alichokuwa akikililia.

"Tufanye hivi," nilisema. "Jumamosi alasiri tunaonyesha yako. Wewe Spika, usiseme jambo ambalo watu hawajaliona kwa macho yao."

"Kabisa?"

"Kabisa."

Alikubali kama mtoto anavyokubali kumeza dawa, yaani kwa kugeuza uso pembeni.

Jumamosi ukumbi ulijaa nusu, nayo kwa filamu isiyo na bunduki ni heshima. Mbele alikaa fundi cherehani tunayemwita Hakimu, kwa sababu hutoa hukumu kwa kila filamu kabla haijaisha. Pembeni yake fundi bomba, mtu mkimya wa mikono mikubwa. Binti yetu alikaa benchi langu, mlangoni, magoti yamebanana. Hatukumtambulisha. Alitaka iwe hivyo.

Duka la kijani likapita, watu wakitulia. Asubuhi ya kwanza ikapita, watu wakacheka sahani ilipovunjika, wakashika vichwa breki ziliposikika. Spika alisema maneno machache tu, akajitahidi kweli. Picha ikawa nyeusi. Birika likapiga mluzi. Jikoni lilelile.

"Imekwama!" mtu akapiga kelele.

"Imerudia! Rimoti, hiyo flashi ina virusi!"

"Sogeza mbele, hapa tumeshaona!"

Na kaka yangu, ambaye hajawahi kumkatalia mteja katika maisha yake, akanyoosha mkono na kusogeza mbele.

Ukitaka kujua aliruka nini, aliruka asubuhi ya pili. Na asubuhi ya pili ndiyo ufunguo. Humo mwanamke anajua sahani inakuja kuanguka, ananyoosha mkono kabla mume hajagusa hata koti, kisha anaidaka hewani. Hasemi neno. Kwa kitendo hicho kimoja mtazamaji anapewa sheria ya mchezo: muda umerudi, vitu vimerudi, lakini kumbukumbu yake haikurudi nyuma. Kaka yangu alipoacha kubonyeza, tulikuwa asubuhi ya mbali huko, mwanamke anaficha viatu vya mume wake ndani ya pipa la unga.

"Huyu mama ana wazimu?" Hakimu aliuliza.

"Na mume si amekufa?"

"Labda ni ndoto."

"Labda ni pacha wake."

Mmoja akainuka, akapiga miayo, akaanza kutafuta kandambili zake. Nilimwona mwanangu akitoa simu. Hakulia. Heri angelia.

"Basi, Mama. Mtu akipotea mwanzoni, harudi. Namwandikia mtayarishaji tupeleke yake."

Sijawahi kuacha mlango wangu filamu ikiwa inaendelea. Siku ile niliuacha wazi, aingie atakayeingia, nikapita katikati ya mabenchi mpaka mbele ya skrini, picha ya unga na viatu ikichezea kwenye gauni langu.

"Wewe!" nilimwambia kaka yangu. "Nani kakutuma?"

"Watu, dada. Imejirudia."

"Imekusudiwa ijirudie! Rudisha mpaka ule mluzi."

Watu wakaguna. Spika akainua maikrofoni, nikaona kifua chake kinavyojaa, nikajua inakuja hadithi nzima, mjane na lori na nywele na kila kitu. Nilimkazia macho. Nimekaa na mwanaume huyu muda wa kutosha, nina jicho ambalo analielewa bila mkalimani. Kifua kikashuka.

"Wakubwa," alisema, kwa sauti ndogo kuliko zote nilizowahi kumsikia nayo. "Mashine ni nzima. Sikilizeni birika. Birika likipiga mluzi, kodoeni macho."

Nikarudi mlangoni, nikamnyang'anya binti yangu simu na kuikalia.

Mluzi ukapiga. Jikoni. Mume anafunga kamba. Ukumbi mzima unatazama ile sahani kana kwamba ni mali ya urithi. Mume anainuka, anavuta koti, na mkono wa mwanamke unatokea pembeni ya picha na kuidaka sahani hewani.

Kelele zilizopigwa pale sijawahi kuzisikia hata kwa filamu za ngumi.

"Anakumbuka!" Hakimu alikuwa amesimama. "Yeye anakumbuka, mume hakumbuki!"

"Kaa chini, Hakimu, unatuziba."

Basi filamu ikaenda. Asubuhi ya kwanza tulikuwa tumepewa nzima, kila kijiko mahali pake. Ya pili karibu nzima. Baada ya hapo zikaanza kufupishwa: mluzi, sahani, mlango, breki. Halafu mluzi na mlango tu. Hakuna aliyelalamika kwamba kumekatwa, kwa sababu kile kisichoonyeshwa walikuwa nacho kichwani tayari. Binti yangu aliniambia sikioni kwamba hilo ndilo lililompa kazi kubwa kuliko yote, kujua ni lini watu wameshika vya kutosha aanze kuwapunguzia. Ukipunguza mapema wanapotea, ukichelewa wanachoka.

"Na ule mluzi?" nilimnong'oneza.

"Ni sauti ileile, sijaibadilisha hata kidogo. Picha naweza kuipiga kutoka dirishani au kutoka chini ya meza, lakini wakisikia ile sauti wanajua tuko wapi."

Mwanamke akaficha viatu, mume akatoka na kandambili. Akafunga mlango kwa ufunguo, mume akapitia dirishani kumsaidia mzee wa jirani na mzigo wake. Akajifanya mgonjwa, mume akatoka mbio kumtafutia dawa. Akamweleza ukweli wote, mume akamkumbatia, akamwambia amechoka, alale, akatoka polepole. Kila mara breki, giza, mluzi. Katika asubuhi mojawapo alijaribu kuzima tanuri kwa pupa akaungua vidole, ngozi ikavimba ikionekana kabisa. Giza, mluzi, na vidole vikawa safi.

"Mbona amepona?" fundi bomba aliuliza. Nadhani yalikuwa maneno yake ya kwanza mwezi ule.

"Asubuhi imerudi, bwana," Hakimu alimjibu. "Na mkono umerudi pamoja nayo. Sahani imerudi nzima, vidole vimerudi vizima. Kisichorudi ni akili yake tu."

"Kwa hiyo hata akikatwa mguu?"

"Mluzi ukipiga, anao."

Fundi bomba alifikiri sana. Alifikiri kama anayesikiliza maji yanakovujia ndani ya ukuta. "Sasa yule wa duka la kijani," alisema, "kovu lake kalipata wapi?"

Nilimwona Spika anafungua mdomo, anaufunga, anaanza kutafuna waya wa maikrofoni. Binti yangu alinishika mkono mpaka pete yangu ikaniuma. Nilitamani acheke, na alikuwa anacheka, machozi yakiwa yamejaa.

Kinyozi akaingia hapo hapo, vipande vya nywele za mteja bado viko kwenye mikono ya shati.

"Mama Mlango, imefikia wapi?"

Kwa mara ya kwanza katika kazi yangu sikuwa na jibu. Imefikia asubuhi ileile ilipoanzia. Imefikia baadaye, ikarudi kabla. Nilijaribu: "Mume amekufa... hapana, yu hai. Yaani, atatoka..."

"Umekula nini leo, mama?"

"Nisikilize," nilisema, nikapiga moyo konde. "Usiulize imefikia wapi. Huyo mwanamke ni mmoja, usimhesabu wawili. Tazama nywele zake na tazama mikono yake. Masikio yako yaache kwenye birika."

Akanitazama kwa mashaka, akaenda kukaa. Nikageuka, nikakuta binti yangu ananitazama kama ananiona mara ya kwanza.

"Mama, hicho ulichosema," alisema, "kuna watu wanalipia darasa kukijua."

Nikavimba kichwa.

Kikaja kipande kingine cha duka la kijani. Mwanamke anapaka rangi ukuta, nusu kijani, nusu bado nyeupe. Kinyozi akainamisha kichwa upande mmoja, kama anavyofanya akikupima kisogo.

"Hizi nywele fupi kuliko za kwanza?" aliwauliza majirani zake. "Nilichungulia wakati mnaanza, nikaitwa na mteja. Zilikuwa zinafika masikioni."

"Zilikuwa masikioni," Hakimu alikubali. "Kile kipande kingine zilikuwa juu ya masikio. Sasa hivi ni vidole viwili tu. Anazidi kuzikata?"

"Hazijakatwa. Angalia ncha, hazina ukali wa mkasi. Hizi zimeota."

"Nywele haziwezi kuota kwenda ndani, kinyozi."

"Basi sisi ndio tunaorudi nyuma," kinyozi alisema. "Cha kwanza tulichoonyeshwa ndicho cha mwisho. Na rangi je? Mwanzo ukuta ulikuwa kijani chote. Sasa ndiyo anaupaka."

Hapo zogo likazuka la kufa mtu. Wengine wakasema haiwezekani, filamu ikianza imeanza. Mwingine akasema wakati wote alikuwa anadhani cha kwanza ni cha kwanza kwa sababu ndicho alichokiona kwanza, na kwamba ni ujinga wake mwenyewe. Si ujinga, binti yangu alininong'oneza, kila mtu hudhani hivyo mpaka apewe sababu ya kudhani vingine. Hakimu alisimama tena, akatumia mikono yake miwili: mkono huu ni asubuhi, unakwenda mbele kwa kujirudia, mkono huu ni duka, unarudi nyuma. Akavileta viganja vyake karibu karibu.

"Vitakutana," alisema.

"Wapi?"

"Pale alipoungulia kifundo. Asubuhi ya mwisho. Isiyorudi."

Sijui kama kuna tuzo mwanangu atapewa duniani itakayomfurahisha kama ile mikono ya fundi cherehani ilivyokuwa hewani. Alifunika mdomo kwa mtandio wake. Na mimi nilikuwa nimesahau kabisa kudai kiingilio kwa watu wawili walioingia.

Ikaja asubuhi ya mwisho. Tuliijua kabla hatujaambiwa, kwa sababu mluzi ulipopiga mwanamke hakukimbia. Aliacha sahani kabatini. Alifungua tanuri mapema mkate ukiwa haujaiva vizuri, ili mume asiondoke na njaa, na chuma kikamgusa kwenye kifundo cha mkono. Ukumbi mzima ukavuta pumzi. Alikaa na mume wake, wakala mkate wa moto, wakazungumza mambo ya kawaida, bei ya unga, paa linalovuja. Kisha akapiga magoti, akamfunga kamba za viatu yeye mwenyewe. Mume akavuta koti, sahani ikaanguka, ikavunjika, wakacheka kama siku ya kwanza. Akamfungulia mlango.

Breki. Amefumba macho. Giza.

Birika likapiga mluzi.

"Aa, jamani, tena!" mtu alilia kutoka nyuma.

Jikoni lilelile. Mwanga uleule wa asubuhi. Spika alikuwa na maikrofoni mdomoni. Pale ndipo mahali pake, pale hujenga jina lake: neno moja tu lingetosha kuwaeleza. Nilimwona akiishusha taratibu, akaizima, akaiweka juu ya goti.

Mkono wa mwanamke ukaingia kwenye picha kwenda kuondoa birika motoni. Mluzi ukakatika. Mkono ukabaki pale, wazi mbele yetu, na kwenye kifundo kulikuwa na jeraha jekundu, bichi, la jana.

Fundi bomba alisema polepole, kama anamwambia mtu aliyelala, "Limebaki."

Kuna mama mmoja hapo katikati alianza kulia, na mwenzake akamshika bega. Mwanamke wa kwenye filamu aliutazama mkono wake. Akalia, na katikati ya kulia akacheka, na ule ukawa ndio ule mcheko tuliouona mwanzoni bila kujua ni wa nini. Nami sasa nilijua, nikalia naye. Akachukua mkasi. Mkia mrefu ukaanguka mezani, penye makombo ya mkate. Filamu ikaisha.

Watu hawakuondoka. Walitoka nje wakasimama uwanjani jua likiwa bado juu, wakaanza kuipanga upya. Hakimu alikuwa anachora kwa kidole ukutani. Kinyozi alikuwa anabishana kuhusu vidole viwili vya nywele ni muda gani. Mwenye miayo, yule aliyetafuta kandambili, alikuwa anamweleza mpita njia hadithi yote kuanzia mwanzo wake wa kweli, asubuhi, msiba, mkasi, rangi ya kijani, msichana wa kukanda unga, na hakukosea hata pahali pamoja. Binti yangu alisimama nyuma yao akisikiliza kama mtu anayesikia jina lake likitajwa vizuri na wageni.

Fundi bomba ndiye aliyemfuata. Sijui alijuaje. Labda ni ule mtandio uliolowa.

"Ile asubuhi ya mwisho," alimwuliza, "aliungua kwa makusudi?"

"Hapana," binti yangu alisema. "Alikuwa anaharakisha mkate."

"Ndivyo nilivyofikiri," alisema, akaenda zake ameridhika.

Spika alitoka wa mwisho, anakunja waya. Binti akamsogelea.

"Baba, pale mwishoni mbona hukusema kitu?"

"Niseme nini? Walikuwa wameshajua." Akaendelea kukunja waya, akakosea, akaukunjua, akaanza upya. "Walikuwa wanajua kuliko mimi. Mimi nimeitazama mara tatu, wao wameelewa kwa mara moja."

Alisema hivyo mtu aliyelisha familia yake kwa kusema. Binti akamkumbatia hapo hapo mbele ya wateja, waya na yote, na yeye akasimama wima kama nguzo, mikono haijui pa kwenda, mpaka nikamwambia, mshike mwanao, wewe.

Nilimrudishia simu yake. Alipiga akiwa kwenye benchi langu, mguu mmoja kaukunja chini yake kama alivyokuwa akikaa utotoni.

"Ndiyo, ni mimi," alisema. "Hapana, hatunyooshi... Ndiyo, walipotea. Walipotea kabisa." Akawatazama wale wanaobishana ukutani. "Halafu wakajirudisha wenyewe."

Akasikiliza, akasema asante, akakata. Nilimwuliza mtayarishaji kasemaje. "Inaenda yangu," alisema, akalaza kichwa chake pajani kwangu, mtu mzima na kazi yake, mbele ya mlango wa biashara, nami nikamwacha alale.